Siku Moja Inayojirudia: Yule Babu wa Uchochoroni

Wiki iliyopita tulimaliza mfululizo wa homa za watoto, na wengi mkaniambia inbox nipumzike na madawa kidogo, niongelee vitu vya nyumbani. Haya basi. Leo naongelea muvi. Lakini siyo muvi ya kupitisha muda, naongelea aina moja tu ya hadithi ambayo imenisaidia na mwanangu wa kwanza mwaka huu, na nitaeleza kwa nini.

Ni zile hadithi ambazo siku moja inajirudia. Mtu analala, akiamka ni siku ile ile ya jana. Watu wale wale, maneno yale yale, anayejua ni yeye peke yake. Wengine wote wanaona ni mara ya kwanza.

Muvi mama ya aina hii inaitwa Groundhog Day, ya mwaka 1993, aliiongoza Harold Ramis. Jina ni la sikukuu ya Wamarekani, tarehe 2 Februari, wanamtoa mnyama mmoja shimoni (ukimwona utasema ni pimbi wa kwenye mawe yetu huku, ila mnene zaidi), eti akiona kivuli chake baridi itaendelea wiki 6. Mwanaume mmoja mtangaza hali ya hewa wa runinga, anaitwa Phil, anatumwa mji mdogo wa Punxsutawney kuripoti hiyo sherehe. Ana dharau huyo baba! Anadharau mji, anadharau wenzake, anataka amalize aondoke. Theluji inafunga barabara, analala pale pale. Saa inalia saa 12:00 asubuhi na wimbo wa redioni, anaamka. Ni jana.

Mara ya kwanza tunaiangalia hapa nyumbani Nyihogo, mama mkwe alisema, "Hiyo flashi imekwama, inarudia, irudisheni kwa yule kijana dukani." Na kweli nakala yetu ilikuwa ya kutafsiriwa, sauti ya mtafsiri juu, na hata mtafsiri mwenyewe ukimsikiliza unaona amechanganyikiwa. Siku ya tatu inaanza yeye anapiga stori za kwake, anaona hakuna jipya. Kumbe jipya lipo, ila ni dogo sana. Hapo ndipo utamu wote ulipo.

SEHEMU YA 2

Tuendelee. Angalieni wanavyoanza. Siku ya kwanza wanakuonyesha yote, hawana haraka. Phil anatoka chumbani, kwenye korido anakutana na baba mmoja mnene anamsalimia, anamjibu kwa mkato. Chini mama mwenye nyumba ya wageni anamuuliza kama amelala vizuri. Nje barabarani kuna mzee ombaomba ananyoosha mkono, Phil anajipapasa mifuko kama mtu asiye na kitu, anapita. Mbele anadakwa na Ned, waliosoma naye zamani, siku hizi anauza bima, na unajua watu wa bima wakikudaka. Anajinasua kwa Ned, hatua moja, chubwi! Mguu kwenye dimbwi la maji ya baridi.

Unaweza kusema mambo madogo haya ya nini? Lakini ndiyo kipimo chenyewe. Sisi wauguzi mgonjwa akiingia tunaanza na vipimo vya mwanzo: presha, joto, mapigo, upumuaji. Bila vile vya mwanzo, vya saa sita mchana havikuambii kitu. Ukisema presha ni 130 kwa 85, imepanda au imeshuka kutoka wapi? Korido, mama wa nyumba, ombaomba, Ned, dimbwi, hivyo ndivyo vipimo vya mwanzo vya Phil. Mwandishi aliyebuni hadithi, Danny Rubin, mwanzoni aliiandika ianzie katikati, Phil akiwa ameshazoea kurudia na anajua kila kitu. Wakabadilisha ianze na siku ya kawaida. Mimi naona walifanya vizuri, maana mtazamaji asipoijua ile siku ya kwanza hawezi kuona kilichobadilika.

Halafu kuna jambo la penseli. Usiku mmoja Phil anavunja penseli, anaiweka karibu na saa. Asubuhi penseli nzima. Basi hapo tumepewa sheria ya hadithi: hakuna kinachobaki. Hawezi kujenga nyumba, hawezi kuweka akiba, hawezi hata kupata kovu. Akimsaidia mtu leo, kesho yule mtu hakumbuki. Kinachovuka usiku ni kilichomo kichwani na moyoni mwake tu. Kwa hiyo mwandishi hawezi kukuambia "amekuwa mtu mzuri, angalia alivyobarikiwa gari". Muvi zetu nyingi zinafanya hivyo, mtu akitubu tu anapata Prado. Hapa haiwezekani. Kilichobaki ni kuangalia anavyopita kwenye ile korido ile ile.

Na sababu ya siku kujirudia hatuambiwi. Kwenye maandishi ya awali kulikuwa na mwanamke aliyeachwa aliyemfanyia kitu, kama mambo yetu haya ya huku kanda ya ziwa, wakaitoa. Nilifurahi. Ingebaki, sote tungekuwa tunatafuta mganga wa kuondoa, hatumwangalii Phil.

SEHEMU YA 3

Mlioniuliza kwenye komenti kama anabadilika haraka: hapana jamani. Na anaanza kwa kubadilika vibaya.

Akishajua hakuna kesho, anakula keki meza nzima, anaendesha gari kwenye reli, anaiba hela kwenye gari la benki maana ameshahesabu sekunde walinzi wanapogeuka. Dimbwi lile ameshajua kulikwepa. Sasa hapo msidanganyike. Kukwepa dimbwi siyo kukua, huko ni kujua tu. Hata mwizi anajua dimbwi lilipo.

Mfano mzuri zaidi ni kwa Rita, dada anayesimamia kipindi chao. Phil anamtaka. Siku moja anamuuliza anapenda kinywaji gani, kesho yake anaagiza kile kile kama bahati tu. Dada anashangaa, tunafanana! Siku nyingine Phil anakosea, anacheka kitu ambacho Rita anakiheshimu; kesho anakirekebisha. Anamjenga huyo dada kidogo kidogo kama anayejaribu namba za siri za simu. Jioni inakuwa nzuri kuliko zote, wanacheza kwenye theluji, wanacheka. Na mwisho wa kila jioni anapigwa kofi. Wanakuonyesha makofi mfululizo, siku baada ya siku.

Mabadiliko madogo yapo mengi hapo, kila siku kitu kinaongezeka, lakini mtu ni yule yule. Ukitaka kuyapima uliza: hiki alichobadilisha kinamnufaisha nani? Na je, angekifanya kama hakuna anayeangalia? Ile jioni ya pili ya kucheza kwenye theluji Phil anarudia yale yale aliyoyafurahia jana, lakini sasa analazimisha, uso umekaza, na dada anahisi hata kama hajui kwa nini. Maneno yale yale, mchezo ule ule, yameoza. Nimeirudia hiyo sehemu mara nyingi.

Angalizo kwa wazazi kabla sijasahau. Baada ya makofi Phil anakata tamaa na kuna kipande anajaribu kujiua kwa njia mbalimbali, na kila asubuhi anaamka tena. Wameiweka nusu kuchekesha. Mtoto mdogo msimwonyeshe, rukeni. Mkubwa kidogo kaeni naye. Usimwache peke yake na kipande hicho halafu wewe uko jikoni.

SEHEMU YA 4

Sasa nafika kwa yule babu, ombaomba.

Phil amempita sijui asubuhi ngapi. Muvi haisemi ni siku ngapi zote, na ni vizuri haisemi. Baadaye kabisa, siku moja anampa hela. Anampa nyingi, si ya kumtoa njiani. Usiku wa siku moja anamkuta uchochoroni, amechoka, hawezi kusimama. Anampeleka hospitali. Muuguzi anatoka anamwambia mzee amefariki.

Phil anauliza amekufa kwa nini. Muuguzi anamjibu kwamba alikuwa mzee tu, muda wake ulifika. Phil hakubali, anataka kuona faili. Anapita pazia, yuko na yule mzee.

Mimi nimesimama kwenye nafasi ya yule dada wa mapokezi ya usiku, nimeambiwa "naomba faili" na watoto wa marehemu. Ndiyo maana najua kwamba huyo mwigizaji ana sekunde chache tu kwenye muvi nzima na amezitendea haki. Hafoki, halii, anasema sentensi fupi na anabaki amesimama.

Asubuhi inarudi, na sasa Phil ana kazi. Leo anampeleka babu mgahawani, anampa supu, bakuli la pili, anamwangalia anavyokula. Usiku babu anakufa. Siku nyingine yuko naye uchochoroni, amepiga magoti kwenye baridi, anambonyeza kifua, anampulizia pumzi, anamwita kama mtu anavyomwita baba yake. Babu anakufa. Phil anainua uso juu.

Hakuna muziki mkubwa hapo, hakuna hotuba. Kilichobadilika tangu siku ya kwanza ni mkono uliokuwa unapapasa mfuko mtupu. Sasa umeshika kichwa cha mzee. Ukilinganisha picha hizo mbili, mbinu nzima ya hadithi hizi iko hapo, na wala huhitaji mtu akuambie Phil amebadilika. Na wameweka kitu ambacho maarifa yote ya kurudia siku hayakiwezi. Anajua saa, anajua mahali, anajua supu haitoshi. Haitoshi.

Baada ya hapo siku yake inakuwa ya mzunguko kama wetu wa wodini. Saa fulani kuna mtoto anaanguka kutoka kwenye mti. Phil anakimbia, anaangalia saa yake, anafika chini ya mti, anamdaka. Mtoto anateleza mikononi anakimbia bila kusema asante, na Phil anamfokea kwamba hajawahi kumshukuru hata siku moja! Nacheka kila mara, maana wamama mnajua. Lakini angalieni: anamfokea, na kesho atakuwepo chini ya mti. Mtoto hawezi kumkumbuka, mji hauwezi kumpa cheti. Kuna bibi watatu gari limepata pancha, anakuja na jeki. Kuna baba mmoja amekabwa na kipande cha nyama hotelini, Phil anamshika kwa nyuma, anamkamua tumboni, nyama inatoka. (Hapo nisimame kidogo: ile ni ya mtu mzima na mtoto mkubwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimkamue tumbo. Unamlaza kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini, unampiga mgongoni katikati ya mabega mara 5, halafu unamgeuza unambonyeza kifua katikati mara 5, unarudia, huku mwenzio anatafuta usafiri.)

Na kinanda. Amekuwa akienda kwa mwalimu kila siku, na kila siku kwa mwalimu ni somo la kwanza. Jioni ya mwisho anapiga kinanda kwenye sherehe hadi watu wanacheza, na mwalimu anajisifu kwa watu kwamba huyo ni mwanafunzi wake. Yule mama amemfundisha saa moja tu maishani! Kile kilichompata Phil usiku mmoja baada ya mwingine, hakuna shahidi.

SEHEMU YA 5

Mama mmoja kaniandikia, "Hadithi za wazungu hizo, watoto wetu watazielewa?" Nikamwambia mbona Goso unaijua. Mwalimu Goso anayefundisha watoto chini ya mbuyu, kibuyu kinamwangukia anafariki, watoto wanaenda kumtafuta aliyekiangusha. Ni hadithi ya Unguja, Askofu Steere aliichapa London mwaka 1870 na kabla ya hapo mabibi walishaisimulia sana. Wanaenda kwa upepo wa kusi. Kusi anasema, mimi ningekuwa na nguvu ningezuiwa na ukuta? Wanaenda kwa ukuta, ukuta anasema ningekuwa na nguvu ningetobolewa na panya? Panya anamtaja paka, paka anataja kamba, inaendelea hivyo, maneno yale yale, jina tu linabadilika. Mtoto anaimba na wewe, anajua kinachofuata. Halafu wanafika kwa paa. Paa hajibu. Anabaki kimya. Na kimya hicho ndicho kinachowaambia watoto kwamba ni yeye, maana wengine wote walijibu.

Haiko sawa na siku inayojirudia, najua, hakuna aliyekua pale. Lakini sikio ni lile lile. Umemzoesha msikilizaji kwa mara kumi, ya kumi na moja ukipunguza neno moja anashtuka. Mtoto anayedai hadithi ile ile kila usiku, na ukiruka sentensi anakusahihisha, huyo yuko tayari kabisa.

Sasa kilichonifanya niandike haya yote. Baba yangu mzazi alifariki masika iliyopita, hapa nyumbani kwetu. Mwanangu wa miaka 9 ndiye aliyekuwa anampelekea uji kila asubuhi kabla ya shule, na siku ile ilikuwa Jumamosi, alikwenda mpirani na wenzake. Hakusema kitu miezi yote. Baba yake yuko mgodini, anaingia zamu wiki na wiki, tukadhani mtoto yuko sawa. Tulipofika kwa babu wa uchochoroni, tukiwa tumeruka kile kipande cha kabla, akauliza: "Mama, kama anajua babu atakufa, si aamke mapema zaidi?"

Nikasimamisha muvi. Nikamwambia aliamka mapema. Alimpa na supu. Tukarudisha nyuma tukaangalia tena, yeye ndiye aliyeshika rimoti. Akaangalia bakuli la kwanza, bakuli la pili. Akaniuliza yule nesi anasema kweli? Nikamwambia anasema kweli, mimi nafanya kazi hiyo hiyo. Moyo wa babu ulikuwa umechoka tangu mwaka juzi, dawa zilikuwa zinausaidia, uji ulikuwa unampa raha, uji haukuwa dawa ya moyo. Jumamosi ile angekuwepo au asingekuwepo, babu angeondoka. Akanyamaza muda mrefu.

Tangu siku hiyo tunatunga ya kwetu usiku. Kuna Shija, anaamka jogoo anawika, ndoo ya maji inamwagika mlangoni, bibi anamsalimia mwangaluka, mbuzi wa jirani anakula daftari, babu amekaa chini ya mwembe. Kesho ni hivyo hivyo. Niligundua nisizidishe vituo vitano, na nibadilishe kimoja tu kila mzunguko, nikibadilisha viwili anapotea. Mara tatu nne zinatosha kwa usiku mmoja. Mdogo wake wa miaka 3 yeye anasubiri mbuzi tu.

Mzunguko wa kwanza Shija alikasirikia ndoo. Wa pili akaisogeza ndoo, basi, alijifunza dimbwi lilipo. Wa tatu nilitaka Shija amwokoe mbuzi au daftari, lakini mwanangu akanizuia. Akasema mwache mbuzi ale. Shija asiende kwenye mpira kwanza, akae chini ya mwembe.

Nikamuuliza, afanye nini pale?

"Akae tu. Babu anywe uji polepole."

Nikauliza, na kesho asubuhi jogoo akiwika? Akasema hiyo tutaamua kesho, nizime taa.